Koneksheni nyingi kwenye databesi: kwa nini tulishuka kutoka 300 hadi 12

*"Assalaamu alaykum wakubwa. Mfumo wetu wa kuweka vyumba vya hoteli ukipata watu wengi unatoa `Connection is not available, request timed out after 30000ms`. Nimepandisha `maximumPoolSize` kutoka 20 hadi 80, PostgreSQL nikaipa `max_connections` 300. Umezidi kuwa mzito. Niongeze tena?"*

Waalaykumu ssalaam ndugu yangu. Usiongeze. Rudisha 20 leo hii, kisha tafuta nani anazishika hizo koneksheni. Nakwambia hivyo kwa sababu hayo yalitukuta sisi wiki moja kabla ya Idd, kwenye mfumo wa kukata tiketi za boti za Unguja na Pemba. Seva ya databesi ilikuwa na kori 4 na diski ya SSD. Programu ilikuwa na nakala 3, kila moja na fungu la koneksheni 20, jumla 60. Ujumbe ulikuwa huo huo wako, na sisi tukapandisha hadi 100 kwa kila nakala, jumla 300. Mchana ule watu waliokuwa wakitaka kwenda Mkoani walikaa wanaangalia kioo cha simu kinazunguka tu.

Hesabu yenyewe ni hii. Kutafuta viti vilivyo wazi kulikula kama milisekunde 40 za CPU. Kori moja basi inamaliza maombi 25 kwa sekunde, na kori 4 zinamaliza 100. Hapo ndipo mwisho, hata ufungue koneksheni 1,000. Ukiruhusu maombi 300 yaingie kwa pamoja, kila moja linakaa ndani sekunde 3, na hapo nimechukulia kwamba hakuna kinachopotea njiani.

Lakini kinapotea. Fikiria dirisha la tiketi pale Malindi lina makarani wanne. Watu 300 wote wameweka vitambulisho mezani, na kila karani analazimika kuandika herufi mbili za huyu, amwache, achukue cha yule, aandike mbili, arudi. Muda unaliwa na kutafuta alipoachia. PostgreSQL huipa kila koneksheni prosesi yake, na prosesi 200 zikigombea kori 4, mfumo wa uendeshaji unazibadilisha bila kupumzika, na data iliyokuwa karibu na CPU inafukuzwa kila mara.

Kilichotuumiza zaidi ni kufuli. Kila tiketi ikikamilika tulipunguza idadi ya viti kwenye mstari mmoja wa safari ile. Kufuli hiyo kwa kawaida inashikwa muda mfupi mno. Sasa prosesi inayoishika ikiondolewa kwenye CPU kabla haijamaliza, inakwenda kusubiri zamu nyuma ya wenzake, na kufuli inabaki nayo. Wote wanaotaka boti ile ile wanasimama kwa kumsubiri mtu ambaye hata hafanyi kazi. Tulipopima kwa mzigo wa watumiaji 300 wa pamoja, koneksheni 300 zilitoa maombi 52 kwa sekunde. Koneksheni 12 zilitoa 95. Mtu wa mwisho kwenye foleni bado alisubiri, ila sekunde 3 badala ya karibu 6.

Sasa utauliza, kama 12 zinatosha, mbona 60 zilikwisha? Suali hili ndilo lenye faida kwako. Wakati wa msongamano endesha hii, na penye `tiketi` weka jina la databesi yako:

```sql
SELECT state, wait_event_type, count(*)
FROM pg_stat_activity
WHERE datname = 'tiketi'
GROUP BY 1, 2 ORDER BY 3 DESC;
```

Sisi tulikuta koneksheni 47 kati ya 60 zina hali ya `idle in transaction`. Maana yake muamala umefunguliwa, databesi imeshajibu, na programu haijasema neno jengine. Tulifuata msimbo tukakuta kwamba tunafungua muamala, tunashika kiti, kisha tunapiga mtandao wa malipo ya simu na kumsubiri abiria aweke namba yake ya siri. Sekunde 20, mara nyengine 40. Muda wote huo koneksheni imeshikwa haina kazi. Hakuna fungu linalotosha kwa mtindo huo, kwa sababu unasubiri vidole vya binadamu.

Tukaukata muamala vipande viwili. Cha kwanza kinaandika kwamba kiti kimeshikwa hadi baada ya dakika 10, kinafunga, kinarudisha koneksheni. Malipo yakijibu, cha pili kinathibitisha. Kiti kisicholipiwa kinaachiwa muda wake ukipita. Kwenye hoteli fanya hivyo hivyo na chumba.

Hapo tulidhani tumemaliza, na bado koneksheni hazikurudi. Safari hii databesi ilionyesha `idle` tu, lakini upande wa programu HikariCP, maktaba inayosimamia fungu la koneksheni, ilisema zote zinatumika. Kama unatumia Spring Boot na JPA, angalia mpangilio huu, kwa sababu usipouandika unakuwa `true`, na koneksheni ikishachukuliwa inashikwa mpaka ombi zima la mtandao liishe:

```properties
spring.jpa.open-in-view=false
```

Baada ya hayo ndiyo tukashusha fungu. Kianzio kinachojulikana kwa watu wa PostgreSQL ni kori mara mbili, uongeze idadi ya diski zinazozunguka. Kwa SSD moja wengi huweka 1. Kwetu 4 × 2 + 1 ni 9, yaani 3 kwa kila nakala. Ni kianzio, si sheria. Tulijaribu 3, 4 na 8 kwa mzigo ule ule. 4 ilishinda 3 kidogo, na 8 haikuongeza kitu, tukakaa kwenye 4, yaani 12 kwa nakala zote 3. Kumbuka kwamba hesabu ni ya databesi nzima: ukiongeza nakala za programu, gawanya upya, usizidishe.

Kuna mtego mmoja wa fungu dogo na ulitunasa. Sehemu moja ya msimbo ilikuwa na koneksheni mkononi, kisha inaomba ya pili ili kuandika kumbukumbu za ukaguzi. Nyuzi 4 zikifika hapo pamoja, kila moja ina koneksheni yake na inasubiri nyengine ambayo haitakuja. Programu iliganda sekunde 30 kamili, CPU ikiwa imelala. Tuliiandika kumbukumbu ile ndani ya muamala ule ule, ikaisha. Ukiona mgando wa sekunde 30 huku databesi haina kazi, tafuta hilo kwanza.

Kujua kama fungu ni dogo kweli, tazama vitu viwili kwa wakati mmoja: wanaosubiri koneksheni na CPU ya databesi. Watu wanasubiri na CPU ina nafasi, wala hakuna kufuli au diski inayokwamisha, ongeza mbili, upime tena. Watu wanasubiri na CPU imejaa, fungu halina kosa. Kosa liko kwenye kwiri. Ile yetu ya milisekunde 40 ilikuwa inapitia viti vya safari zote za nyuma. Tulipoipa faharasa ya safari na hali ya kiti ikashuka hadi 6, na sikukuu yenyewe tuliipita kwa koneksheni zile zile 12.

Tuma hapa matokeo ya kwiri ile ukiwa kwenye msongamano, idadi ya kori, na `vmstat 1` ya sekunde kumi kutoka kwenye seva ya databesi. Kama safu ya `r` inazidi kori zako mara nyingi tutajua ni CPU. Kama iko chini na `idle in transaction` ni nyingi, tuonyeshe ile sehemu ya msimbo inayosubiri malipo ya mgeni.