Deni la elfu kumi la mama wa nyanya: maswali yenu

Baada ya ile video fupi ya mama anayenunua nyanya Marikiti, maswali yamekuwa mengi. Kwa ambaye hakuiona: mama alikopa shilingi 10,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na riba asiyoilipa inajumlishwa kwenye deni.

Video inasema asipolipa kitu miezi mitatu deni linafika 13,310. Mimi nimepiga hesabu mara mbili napata 13,000. Hizo 310 umezitoa wapi? — Msomaji, Kawangware

Umechukua 1,000 ukazidisha kwa tatu. Hesabu hiyo ni sahihi kama riba inapigwa kwenye zile 10,000 za mwanzo tu, na kuna wakopeshaji wanaofanya hivyo. Wa mama wa nyanya hafanyi hivyo. Mwezi wa kwanza deni ni 11,000. Mwezi wa pili asilimia 10 inapigwa kwenye 11,000, si kwenye 10,000, kwa hivyo riba ni 1,100 na deni linakuwa 12,100. Mwezi wa tatu riba ni 1,210, ndipo unapata 13,310. Zile 310 ni riba iliyozaliwa na riba.

Kwa miezi mitatu tofauti hiyo haitishi mtu. Subiri mwaka uishe. Kwa hesabu yako deni lingekuwa 22,000, lakini kwa ile ya video linapita 31,000. Kwa hivyo kabla ya kuweka sahihi, muulize mkopeshaji swali moja: nikichelewa, riba ya mwezi unaofuata utaipiga kwenye pesa nilizochukua au kwenye salio lote? Akizungukazunguka, mwambie akuandikie deni la mwezi wa tatu kwenye karatasi. Mkopo wa 10,000 wa aina hii ukiandikwa 13,000 au 13,310, umeshajua.

Mimi silali na deni. Kila mwezi natuma 1,500 bila kukosa lakini naona deni haliendi. Wananiibia? — Mama wa mitumba, Gikomba

Mama, kama mkopo wako ni sawa na ule wa video, huenda hakuna aliyekuibia. Tuufuatilie mwezi kwa mwezi. Deni la 10,000 linazaa riba ya 1,000, linakuwa 11,000, unatuma 1,500, linabaki 9,500. Mwezi wa pili riba ni 950. Unatuma tena, linabaki 8,950. Mwezi wa tatu riba ni 895, unatuma, linabaki 8,345.

Umeshatoa 4,500 mfukoni na deni limepungua kwa 1,655 tu. Hizo nyingine 2,845 zimekwenda kwa riba. Hiyo ndiyo sababu unaona kama unasukuma ukuta. Ukiendelea hivyo utamaliza mwezi wa kumi na mbili, na malipo ya mwisho yatakuwa madogo, kama 808. Jumla utakuwa umelipa karibu 17,308.

Sasa jaribu kuongeza 500 tu, utume 2,000 kila mwezi tangu mwanzo. Deni linakwisha mwezi wa nane na jumla ni kama 14,564. Shilingi 500 zaidi kwa mwezi zinakuokolea miezi minne na zaidi ya 2,700, kwa sababu kila shilingi inayozidi riba inapunguza deni lenyewe, na mwezi unaofuata riba inapigwa kwenye kiasi kidogo zaidi. Lakini ukituma 1,000 tu tangu mwanzo, utalipa maisha yako yote na deni litabaki 10,000 pale pale. Huo ndio mstari wa kuangalia: riba ya mwezi ni ngapi, na wewe unatuma kiasi gani juu yake.

Ikiwa umelipa 1,500 mara tatu na salio lako bado liko juu ya 8,345, hapo kuna ada au faini ambayo hukuambiwa. Omba taarifa ya mkopo, usome mstari kwa mstari.

Mimi ni mweka hazina wa chama Kayole. Nataka kurekodi video kama yako kwa simu, tuitume kwenye kikundi. Nionyeshe nini na nini? — Mweka Hazina

Onyesha mkopo mmoja, basi. Video nyingi huharibika pale msemaji anapoanza na 10,000, kisha anaruka kwa mfano wa 50,000 ili kuonyesha picha kubwa. Mtazamaji alikuwa bado anatafuta riba ya mwezi wa kwanza.

Chukua karatasi, chora safu tano: mwezi, deni la kuanzia, riba, alicholipa, salio. Elekeza simu kwenye karatasi, si kwenye uso wako, na andika kwa mkono wakati unaongea. Mtu akiona salio la mstari wa kwanza likishuka na kuandikwa upya kama deni la kuanzia la mstari wa pili, ameshaelewa bila wewe kutaja riba juu ya riba. Mistari mitatu inatosha kwa dakika moja na nusu. Baada ya kila salio nyamaza kidogo, watu wasome. Wengine wataitazama kwenye matatu bila sauti, kwa hivyo andika tarakimu kubwa.

Hakiki kwanza kwa kompyuta au simu. Kwa deni lisilolipwa miezi mitatu, andika hivi kwenye kisanduku kimoja cha Excel au Google Sheets:

```
=10000*1.1^3
```

Ukipata 13310, endelea. Na sema wazi kama riba ni ya mwezi au ya mwaka.

Si Hazina ya Hasla ni asilimia 8 na apu niliyonayo pia ni asilimia 8? Tofauti iko wapi? — Mwenye bodaboda, Rongai

Kaka, ya Hasla ni 8 kwa mwaka. Ya apu yako, soma vizuri, huenda ni kwa mwezi. Shilingi 10,000 kwa mwezi mmoja kwa asilimia 8 ya mwaka ni riba ya kama shilingi 67. Kwa asilimia 8 ya mwezi, mwezi huo huo ni 800.

Niliomba 10,000, simu ikaonyesha 9,000. Waliniambia riba wameshakata. Si ni ile ile asilimia 10? — Msomaji, Umoja

La. Unarudisha 10,000 lakini ulizotumia ni 9,000. Elfu moja juu ya elfu tisa ni zaidi ya asilimia 11. Na ukihitaji 10,000 kamili za kununulia mzigo, itabidi uombe zaidi ya 11,000.

Nikishindwa kabisa, deni linaweza kukua mpaka wapi? — Msomaji, Kibra

Kwa hesabu tupu, halina mwisho. Lile la mama wa nyanya lingepita 20,000 mwezi wa nane. Lakini kama umekopa benki, kuna kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki: mkopo ukishahesabiwa kuwa haulipiki, benki haiwezi kudai riba inayozidi deni la msingi lililokuwepo siku hiyo. Kama siku hiyo deni la msingi lilikuwa 10,000, riba itakayoongezeka haiwezi kupita 10,000 nyingine, ingawa gharama za kudai deni zinaweza kuwekwa juu yake. Kwa kawaida mkopo huhesabiwa hivyo ukikaa siku 90 bila kulipwa, kwa hivyo omba barua au taarifa inayoonyesha tarehe hiyo na salio la siku hiyo. Shailoki wa mtaani hayuko chini ya kifungu hicho.