Fundi mjuzi anayejiona, au fundi mtulivu? Tulivyoamua sisi Jambiani

"Wakuu, nimo kwenye kamati ya usaili na tumebaki na watu wawili. Mmoja anajua kazi mpaka unastaajabu, ila anajiona na anajibu kama anatufanyia hisani. Mwengine ni mpole, kazi anaijua ya kutosha, anaonekana wa kuaminika. Nimegawika moyo. Nyinyi mngemchukua yupi?"

Yakhe, mimi nilimchukua mpole, na gharama yake naijua. Nikueleze ilivyokuwa, maana kwangu upole wala kiburi havikuamua kitu.

Tulikuwa tunatafuta fundi wa umeme na maji wa zamu ya usiku, hoteli moja ya ufukweni Jambiani. Zamu ile fundi hubaki na kijana msaidizi mmoja tu. Meneja kalala, mwenye hoteli yuko mjini, na chini ya mikono yao kuna jenereta, pampu ya kisima na chumba cha baridi kilichojaa samaki.

Maneno ya mezani yana mwisho wake, kwa hiyo tuliwatayarishia hitilafu. Fundi wetu aliyekuwa anastaafu alibadilishana nyaya mbili kati ya tatu za fezi pale umeme unapotoka kwenye jenereta. Mota ya fezi tatu ukiifanyia hivyo huzunguka kinyume. Pampu inanguruma kama kawaida, maji yanatoka kidogo, presha haipandi, na asiyejua ataifungua pampu nzima akidhani feni ya ndani imelika. Mashine ya kufulia na kompresa ya chumba cha baridi tulizitenga kwanza, kwa sababu ziko kompresa zinazoharibika zikigeuzwa.

Mtego wenyewe ulikuwa hapa: umeme wa gridi ukiwepo, pampu ilisukuma vizuri. Anayekimbilia kubadilisha nyaya kwenye pampu atafurahi jenereta likiwa linawaka, kisha umeme wa gridi ukirudi pampu itageuka kinyume upande huo. Tiba ni kule kule kwenye jenereta.

Wa kwanza alikuwa kijana wa mjini, mikono mfukoni. Tulimwashia jenereta, akasikiliza pampu, akatazama geji ya presha, akauliza swali moja tu: "Kwa umeme wa gridi inapanda?" Tukamwambia inapanda. "Basi mtu kachezea nyaya za jenereta." Hata dakika tano hazijatimia! Na hakuishia hapo. Alitazama bomba la moshi, akapitisha kidole kwenye mafuta meusi yaliyokuwa yakichuruzika kwenye maungio, akasema jenereta letu ni kubwa kuliko mzigo wetu, linakaa usiku kucha bila kazi ya kutosha, dizeli haiungui yote na mabaki yake ndiyo yale. Hakuna aliyemuuliza. Mhasibu wetu, bibi mmoja asiyesifu mtu ovyo, nilimwona akiandika alama akiwa anatabasamu.

Tukarudisha umeme wa gridi, jenereta likazima. Kijana akachukua bisibisi, akafungua kifuniko cha pale nyaya zinapofungwa. Msaidizi wetu, mtoto wa Makunduchi, akamwambia, "Kaka, bado liko oto." Yaani swichi ilikuwa kwenye kujiendesha: umeme wa gridi ukikatika sekunde ile, jenereta linajiwasha lenyewe, mikono ya mtu imo ndani. Kijana hakugeuka hata shingo. Akasema, "Wewe shika tochi."

Nikamsimamisha, nikaizima swichi mwenyewe. Akacheka, akamaliza kazi. Kazi safi, sina la kusema.

Wa pili alikuwa mtu wa Wete, makamo, kanzu kaiweka kwenye mfuko, kavaa ovaroli iliyopauka. Kazi ya jenereta alijifunza, kwa maneno yake, "kwenye lile giza", la kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokaa bila umeme wa waya wa baharini na kila duka likawa na kijenereta mlangoni. Aliposhika pampu nilianza kukata tamaa. Akakagua chujio. Akakagua vali. Akahakikisha bomba la kuvutia halinyonyi hewa. Dakika zinakwenda, mhasibu anatazama saa. Ndipo akachuchumaa, akaomba mota izimwe, akaitazama feni ya nyuma inavyomalizia mzunguko na kuilinganisha na mshale uliochorwa kwenye ganda. "Inakwenda kinyume," akasema taratibu, kisha akauliza swali lile lile la gridi.

Kufika kwenye jenereta aliizima swichi ya oto, akafungua waya wa hasi wa betri, akauweka pembeni. Akachukua tesita, akaijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme, akapima nyaya za jenereta, hazina kitu, akarudi kwenye soketi kuijaribu tena. Ile mara ya mwisho ndiyo wengi huiruka: tesita inaweza kufa katikati ya kazi, na tesita iliyokufa husema kila waya hauna umeme. Msaidizi wetu akamuuliza kwa nini karudi. Akamweleza, akampa tesita arudie yeye.

Kwa jumla alitumia kama dakika arubaini. Kuhusu yale mafuta meusi ya bomba la moshi hakusema lolote, nadhani hakuyaona.

Kila mmoja kwenye kamati aliandika alama zake kabla ya kufungua mdomo. Hili nalisisitiza kwako, kwa sababu mkubwa akianza kusema wengine humfuata. Kwa ujuzi kijana wa mjini alimwacha mwenzake mbali, kwangu pia. Mhasibu akasema wazi: dizeli atakayotuokolea huyu inalipa mshahara wake. Alikuwa na haki, na ndiyo iliyonifanya nisilale vizuri.

Asubuhi nilipiga simu kwa mtu aliyewahi kufanya kazi na yule kijana. Sikumuuliza kama ni fundi mzuri, hilo tumeliona. Nilimuuliza, "Msaidizi wake akimwambia kitu, husikia?" Akanyamaza, kisha akajibu, "Kazi anaijua bwana." Nikauliza tena, akanijibu vile vile.

Kiburi chake kwetu sisi wa mezani ningekivumilia. Anidharau mimi, nitapona. Lakini usiku wa manane sauti pekee itakayomwambia "bado liko oto" ni ya yule mtoto wa Makunduchi, na mtoto akishajibiwa "shika tochi" mara mbili, ya tatu atashika tochi kweli na kunyamaza. Nafasi ingekuwa ya kupanga mifumo mchana, na mwengine akiikagua michoro, ningemchukua kijana bila kusita.

Mtu wa Wete akaanza kazi. Kijana nilimwomba awe anakuja kwa malipo ya kila kazi. Akasema, "Mtanipigia tu."

Tulimpigia. Bodi ya kuongozea jenereta ilikufa, mtu wetu akajaribu anachokijua, akaja akaniambia, "Hii imenishinda, mwite yule." Kijana akaja, akaimaliza kabla ya adhuhuri, akaandika bili iliyomfanya mhasibu anitazame kwa muda mrefu. Mtu wa Wete alisimama kando yake na daftari akiuliza kila waya unakwenda wapi. Anajibiwa kwa mkato, anaandika, anauliza mwengine. Kifuniko kilifunguliwa betri ikiwa imeshatolewa. Aliitoa msaidizi wetu, bila kuambiwa na mtu.