Tarehe ya tarakimu nane: mwaka umekaa wapi?

*Naweka hesabu za nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu. Faili ya benki inaandika tarehe 20240305, na ile ya programu yetu ya malipo inaandika 5032024. Nikizigeuza ziwe tarehe katika Excel, napata ##### tu. Nizisomeje?*

Ndugu msomaji wa Shela, hesabu tarakimu kwanza. Faili ya pili ina saba kwa sababu Excel imeichukua 05032024 kuwa namba ya kawaida, na namba haihifadhi sifuri ya mbele. Irudishe kabla ya kusoma chochote. Kisha tazama tarakimu ya tano na ya sita. Kwa miamala ya karne hii, zikiwa 20, mwaka umewekwa mwisho, kwa kuwa hakuna mwezi wa 20. Zikiwa kati ya 01 na 12, mwaka umetangulia, na katika mpangilio huo, ambao ni wa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, hufuata mwezi halafu siku. Basi 20240305 ni tarehe 5 Machi 2024.

Mashaka yako katika faili ya pili. 05032024 yaweza kuwa tarehe 5 Machi au tarehe 3 Mei, na mstari huo peke yake hauamui. Shuka na safu nzima ukitafuta jozi inayozidi 12: ukikuta 28032024, jozi ya kwanza ni siku, na hivyo ndivyo utakavyosoma mistari yote iliyotolewa na programu hiyo kwa mpangilio huo. Faili ikiwa ya siku chache za mwanzo wa mwezi, huenda usiipate jozi hiyo. Chukua basi malipo ya mgeni ambaye nakala ya risiti yake unayo, ulinganishe. Usitegemee desturi yetu ya kuanza na siku, maana programu iliyotengenezwa kwa desturi ya Marekani hutanguliza mwezi.

Ama zile #####, Excel huhesabu tarehe kwa idadi ya siku tangu mwanzo wa mwaka 1900, na tarehe ya mwisho inayoikubali, 31 Desemba 9999, ni namba 2958465. Namba zako zote mbili zimeupita mpaka huo, kwa hiyo kubadilisha muundo wa seli hakutasaidia. Zikate vipande, fomula ya kwanza kwa faili ya benki, ya pili kwa ile inayoanza na siku:

```
=DATE(LEFT(A2,4),MID(A2,5,2),RIGHT(A2,2))
=DATE(RIGHT(A2,4),MID(TEXT(A2,"00000000"),3,2),LEFT(TEXT(A2,"00000000"),2))
```

Jihadhari na jambo moja: `DATE` haikatai mwezi usiokuwepo, bali husogea mbele kimyakimya. Ukiisoma 28032024 kwa kutanguliza mwezi, itakupa 3 Aprili 2026 bila onyo lolote. Kwa hiyo panga safu mpya kwa tarehe na utazame ncha zake mbili. Tarehe yoyote iliyo nje ya kipindi ulichoomba inaonyesha kwamba siku na mwezi vimebadilishana nafasi.