Waifai nzito kwenye laptopu moja, simu zinapaa: anza na betri, kisha draiva

Swali: "Wakuu, nipo Tanga mjini. Nyumbani ruta ni moja, simu zetu tatu zinafungua YouTube bila shida, ila laptopu yangu ukurasa mmoja unakula dakika nzima. Ruta nimeizima na kuiwasha hadi nimechoka. Nianzie wapi?"

Mkuu, ruta iache ipumzike. Kama simu zinapata kasi ukiwa chumba hicho hicho, bando halina tatizo na kampuni ya mtandao haina kosa. Kinachobaki ni kipande kifupi kati ya laptopu na ruta, na hapo mtuhumiwa wa kwanza ni adapta ya waifai iliyo ndani ya laptopu yako. Natengeneza kompyuta hapa Ngamiani, na malalamiko kama yako naletewa mara kwa mara, hasa kwenye laptopu za mtumba zilizowekewa Windows dukani kwa haraka.

Kabla hujagusa mpangilio wowote, fanya kipimo kimoja. Wengi wanapima kasi ya intaneti, wanaona namba ndogo, halafu hawajui shida iko upande gani. Wewe pima mpaka kwenye ruta tu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `cmd`, bonyeza Enter. Andika `ipconfig` na utafute mstari wa Default Gateway chini ya adapta ya waifai. Hiyo ndiyo anwani ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Kaa karibu na ruta, chomoa chaja, kisha andika hii, ukiweka anwani uliyoiona kwako:

```
ping -n 50 192.168.1.1
```

Ikiisha, chomeka chaja, subiri kidogo, rudia amri ile ile. Ukiwa mita mbili tatu kutoka kwenye ruta, majibu yanatakiwa yawe milisekunde chache tu, na pasipotee hata moja. Ikiruka moja moja kwa sababu mtu anapakua filamu, isikutishe. Unachotafuta ni tofauti kati ya betri na chaja.

Nikupe mfano wa mama mmoja mwenye duka la steshenari. Wateja wanamtumia faili kwa WhatsApp, yeye anazipokea kwenye laptopu na kuchapisha. Alilalamika kwamba umeme ukikatika, intaneti "inakufa nusu". Ruta yake ni ile ndogo ya laini yenye betri yake yenyewe, kwa hiyo haizimi, na simu yake inaendelea kama kawaida. Laptopu ndiyo inayosuasua. Akaniambia, "Mwanangu, hawa watu wa laini wanapunguza nguvu umeme ukikatika." Nikapima kwenye laptopu yake bila chaja, majibu yakaja hivi: 3, 96, 4, 188, 101, 2, 207, na mawili yakapotea. Nikachomeka chaja: 2, 2, 3, 2, 4. Watu wa laini hawakuhusika kabisa. Laptopu ikibaki na betri, adapta ilikuwa inasinzia.

Sababu yake ni hii. Ruta hutoa tangazo fupi la kwamba ipo, takriban kila milisekunde 100. Adapta iliyopangwa kubana betri huzima redio yake katikati ya matangazo hayo, na ruta huitunzia mzigo wake mpaka itakapoamka kusikiliza. Ndiyo maana zile namba zinaruka karibu na 100 na 200; jibu lilikuwa limeshafika kwenye ruta, likangoja mwenyewe aamke. Ukurasa mmoja wa wavuti unahitaji maombi mengi yanayofuatana, kwa hiyo vingojeo hivyo vinajumlishana. Simu nazo zinalala, tena sana, ila simu ukiwa umeishika na kioo kinawaka, redio yake inaamka upesi.

Kama vipimo vyako viwili vinatofautiana hivyo, dawa iko kwenye mpango wa umeme. Bonyeza tena Windows na R, andika `powercfg.cpl`. Kwenye mpango unaotumika bonyeza Change plan settings, kisha Change advanced power settings. Tafuta Wireless Adapter Settings, fungua Power Saving Mode, na mstari wa On battery uweke Maximum Performance. Kwa kawaida utakuta upande wa chaja uko hivyo tayari na upande wa betri umewekwa kubana.

Laptopu nyingi mpya hazionyeshi kipengele hicho kabisa. Usihangaike kukitafuta. Bonyeza kulia alama ya Start, fungua Terminal au Command Prompt yenye neno Admin, kisha weka hizi mbili kama zilivyo:

```
powercfg /setdcvalueindex SCHEME_CURRENT 19cbb8fa-5279-450e-9fac-8a3d5fedd0c1 12bbebe6-58d6-4636-95bb-3217ef867c1a 0
powercfg /setactive SCHEME_CURRENT
```

Sifuri ya mwisho ndiyo Maximum Performance. Ukitaka kurudisha kubana baadaye, weka 2 mahali pa sifuri. Betri itaisha mapema kidogo, lakini kinachoimaliza hasa ni mwanga wa kioo, si redio ya waifai.

Kuna kile kisanduku maarufu ambacho kila mtu jukwaani anakitaja: unafungua `devmgmt.msc`, Network adapters, bonyeza mara mbili adapta yako, Power Management, unaondoa tiki kwenye "Allow the computer to turn off this device to save power". Kiondoe, hakina madhara. Ila kinasaidia zaidi kwa laptopu ambayo ukiifunika na kuifunua waifai haipo au inashika kwa shida. Uzito wa kila dakika kama wako huwa haukitegemei sana. Na kama ukurasa huo wa Power Management haupo kwako, hujakosea njia. Baadhi ya laptopu hazina.

Pale pale kuna ukurasa wa Advanced, ambao ndio mimi nauthamini. Orodha yake hutegemea aina ya adapta. Kwenye za Intel utaona MIMO Power Save Mode. Hiyo inaruhusu adapta kuzima antena moja ili kubana umeme. Chagua No SMPS. Vingine usivichezee bila sababu. Nimeletewa mashine ambazo mtu kabadilisha kila mstari kwa kufuata video, kisha hakumbuki vilikuwaje mwanzo.

Sasa tuje kwenye draiva. Yule mama baada ya mpango wa umeme namba zilitulia, lakini faili kubwa bado lilikuwa linakuja kwa kwikwi hata akiwa kwenye chaja. Nikaandika:

```
netsh wlan show drivers
netsh wlan show interfaces
```

Amri ya kwanza inakupa Provider, Date na Version ya draiva. Kwake draiva ilikuwa ya miaka mingi nyuma kuliko Windows yenyewe. Aliyemuuzia alinakili Windows kutoka mashine nyingine na draiva ikaja humo humo. Tarehe ya zamani peke yake si ugonjwa, maana kuna adapta ambazo draiva yake ya mwisho ilitoka zamani na inafanya kazi vizuri. Lakini draiva ya zamani, pamoja na kwikwi ambazo simu hazina, hiyo ni sababu tosha ya kuibadilisha.

Amri ya pili soma mistari mitatu: Radio type, Receive rate na Signal. Receive rate ni kasi waliyokubaliana laptopu na ruta, si kasi ya intaneti. Ikisema 72 na kasi ya bando lako ni Mbps 20, hapo hapana kizuizi. Ikishuka hadi 6 au 10 ukiwa umekaa jirani na ruta, adapta ina shida.

Kubadilisha draiva kuna mtego. Pakua draiva mpya kwanza, ndipo uondoe ya zamani, la sivyo unabaki huna waifai ya kupakulia. Ichukue kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu kwa namba ya modeli iliyoandikwa chini ya mashine, si kwenye zile programu zinazojitangaza kwamba zitasasisha draiva zako zote. Hizo mara nyingi zinakuletea mzigo usiouomba. Ukiwa umeshakwama tayari, unganisha simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Kwa kawaida laptopu inaitambua bila draiva ya waifai.

Kisha kwenye `devmgmt.msc` bonyeza kulia adapta, Uninstall device, na uweke tiki kwenye kisanduku cha kufuta draiva. Kwenye Windows 10 kimeandikwa "Delete the driver software for this device", kwenye 11 "Attempt to remove the driver for this device". Usipoweka tiki hiyo, ukiwasha upya Windows inairudisha ile ile ya zamani na utaapa kwamba draiva mpya haisaidii. Weka mpya, washa upya, pima tena kwa ping ile ile. Ya yule mama kwikwi ziliisha hapo, na mpaka leo anapokea faili umeme ukiwa umekatika.

Kama uzito wako ulianza ghafla baada ya Windows kujisasisha, fanya kinyume chake: Properties, ukurasa wa Driver, Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, bonyeza Update Driver, Browse my computer for drivers, kisha Let me pick from a list of available drivers on my computer. Mara nyingi toleo la awali bado limo kwenye orodha hiyo.

Kuna hali mbili ambazo mipangilio yote hii haizifikii. Moja ni Signal kusoma chini ya 50% ukiwa umekaa ubavuni mwa ruta. Hapo uliza kama laptopu iliwahi kufunguliwa kubadilishwa kibodi au kuongezwa RAM, kwa sababu vile viwaya viwili vyembamba vya antena huchomoka kwenye kadi, au fundi husahau kuvirudisha. Hiyo ni kazi ya bisibisi. Nyingine ni pale mstari wa Radio types supported, kwenye ile amri ya kwanza ya `netsh`, unapoishia 802.11n na kadi haina bendi ya 5 GHz, wakati simu zako ziko kwenye bendi hiyo. Draiva haitaongeza bendi ambayo kadi haina. Nunua adapta ndogo ya USB yenye 802.11ac na uichomeke, yaishe.

Ukikwama, bandika hapa majibu ya ping ya betri na ya chaja, pamoja na ya zile amri mbili za `netsh`. Ila futa kwanza mistari ya SSID, BSSID, Profile na Physical address, maana uzi huu unasomwa na kila mtu.