Usizime pagefile: kompyuta inaishiwa memori huku RAM ikiwa na nafasi

Swali: Wakuu, nina kompyuta ya RAM GB 16 na SSD ya GB 256. Nimeona video inasema nizime pagefile ili SSD isichakae na nipate nafasi, eti GB 16 zinatosha kabisa. Nifanye?

Usizime. Pagefile ni faili kwenye diski ambalo Windows inalitumia kuongezea RAM. Kama umeshafika kwenye lile dirisha na umechagua `No paging file`, bonyeza `Cancel` kwanza, halafu ndiyo usome.

Mimi nahariri video za harusi na sendofu. Kompyuta ninayofanyia kazi ilipita kwa fundi mmoja "kuongezewa kasi", na kati ya mambo aliyoyafanya bila kuniambia ni hilo unalotaka kulifanya wewe. Kuanzia hapo programu ya kuhariri ikawa inajifunga katikati ya kutoa video. Haitoi onyo, dirisha linapotea tu. Siku nyingine inaanza kivinjari, vichupo vinakufa kimoja kimoja, ndipo programu inafuata. Nilirudi kwa fundi yule yule. Akafungua Task Manager, akaona RAM imetumika asilimia 70, akasema kwa kujiamini kwamba memori ipo tele, hivyo tatizo ni Windows, ipigwe upya. Ikapigwa. Akazima tena pagefile, maana kwake hiyo ni sehemu ya usafi. Tatizo likarudi nalo. Safari ya pili akasema RAM ni mbovu, ninunue nyingine. Nikanunua, toka GB 8 hadi 16. Ikatulia kidogo, kisha kazi ya mteja mmoja yenye kamera tatu ikaangusha kila kitu nikiwa nasawazisha sauti ambayo sikuwa nimeihifadhi. Pesa ya RAM ilienda, kazi ilienda, na mteja hajarudi mpaka leo. Ndiyo maana nikiona mtu anasema "GB 16 zinatosha kabisa" damu inanichemka. Zinatosha kufanya nini? Nani alipima?

Kosa lililonigharimu kuliko yote ni kuangalia tarakimu isiyohusika. Ile asilimia ya RAM inakwambia memori iliyoguswa sasa hivi. Programu haziangushwi na hiyo. Zinaangushwa na tarakimu nyingine ndogo iliyo chini yake, imeandikwa `Committed`.

Ipo hivi. Programu ikihitaji memori, inaiomba Windows kabla ya kuitumia, na mara nyingi inaomba zaidi ya itakayogusa. Windows ikikubali, imeahidi: siku programu itakapoigusa ile memori, lazima iwepo. Na Windows haiahidi isichoweza kulipa. Jumla ya ahadi zote haiwezi kuzidi RAM ukijumlisha na ukubwa wa pagefile. Ni kama mkata tiketi wa basi la mkoani: viti vikishauzwa vyote, wewe hupati, hata kama basi bado liko tupu kwa sababu abiria hawajafika. Ukizima pagefile umepunguza viti vya kuuza, na hakuna abiria hata mmoja uliyempunguza.

Kwa hiyo inawezekana kabisa RAM ikabaki na GB 4 au 5 ambazo hazijaguswa na mtu, na programu ikaambiwa "hakuna". Programu nyingi zikijibiwa hivyo hazijui la kufanya, zinakufa papo hapo. Wahandisi wa Mozilla walieleza mwaka 2022 kwamba Firefox kwenye Windows ilikuwa ikianguka kwa namna hii hii, ahadi zimejaa huku RAM halisi bado ipo. Walichofanya ni kuifanya Firefox isubiri kidogo na kuomba tena, kuipa Windows nafasi ya kukuza pagefile. Sasa fikiria kompyuta ambayo pagefile imezimwa. Itakuza nini?

Kwangu, siku nilipoangalia mahali sahihi, Task Manager kwenye `Performance`, kisha `Memory`, ilikuwa inaonyesha `In use` GB 10.9 na `Committed` 15.1/15.8 GB. Ile ya kulia, 15.8, ndiyo dari. Ilikuwa sawa na RAM yenyewe, yaani hakuna pagefile. Hapo ndipo pa kutazama hata kwako: dari ikilingana na RAM, pagefile haipo. Na ile ya kushoto ikikaribia ya kulia, programu yoyote inaweza kuanguka muda wowote, hata ile isiyokula sana, kwa sababu anayekosa ni yule aliyeomba wakati dari imefikiwa.

Ushahidi mwingine uko kwenye kumbukumbu za mfumo. Fungua PowerShell uandike:

```
Get-WinEvent -FilterHashtable @{LogName='System'; Id=2004; ProviderName='Microsoft-Windows-Resource-Exhaustion-Detector'} | Format-List TimeCreated, Message
```

Ukikuta ujumbe unaosema `Windows successfully diagnosed a low virtual memory condition`, na saa yake inalingana na saa programu ilipoanguka, jibu umelipata. Ujumbe huo huo unataja programu zilizokuwa zimeomba memori nyingi zaidi. Yule fundi alikuwa na huu ujumbe mbele yake wakati wote, umejipanga mistari na mistari, akaniuzia RAM.

Hoja ya SSD kuchakaa ndiyo wanayoipenda sana wenye video hizo, na ndiyo inayowapumbaza watu. Ahadi peke yake haiandikwi kwenye diski. Pagefile ya GB 5 inaweza kukaa hapo ikiwa imeandikwa MB mia chache tu, iliyobaki ni dhamana ya zile ahadi. Windows inaandika humo pale inapohitaji kuondoa kwenye RAM data iliyobadilishwa. Usiamini maneno yangu, pima:

```
Get-CimInstance Win32_PageFileUsage | Select-Object Name, AllocatedBaseSize, CurrentUsage, PeakUsage
```

Tarakimu ni za MB. `AllocatedBaseSize` ni ukubwa wa faili, `CurrentUsage` ni kilichomo sasa, `PeakUsage` ni kilele tangu kompyuta iwashwe. Linganisha ya kwanza na ya pili ndipo uamue kama SSD yako inateswa.

Na kama shida ni nafasi, kuna `hiberfil.sys`, faili la kulaza kompyuta, ambalo kwa kawaida linachukua asilimia 40 ya RAM. Kwako ni zaidi ya GB 6. Kama huwa hutumii `Hibernate`, amri ya `powercfg /h off`, ukiiandika kama msimamizi, inaliondoa. Utapoteza na ile `Fast Startup`, kuwaka kutachelewa kidogo. Hiyo ni hasara ya sekunde chache. Pagefile ukiizima, hasara ni kazi yako.

Sasa ukubwa. Kuna ile kanuni ya kuzidisha RAM mara moja na nusu ambayo kila mtu anaikariri. Iache. Ukiifuata, mwenye RAM nyingi anawekewa pagefile kubwa na mwenye RAM kidogo anawekewa ndogo, wakati mwenye RAM kidogo ndiye anayeihitaji zaidi. Kanuni ninayoishika mimi ni moja: pima kilele cha ahadi, toa RAM, kinachobaki ndicho kiwango cha chini cha pagefile, na mara mbili yake ndicho cha juu.

Lakini usipime huku pagefile imezimwa. Hapo ndipo wengi wanapokosea hata wakiijua kanuni. Dari ikiwa GB 15.8, kilele hakiwezi kuonekana kikivuka 15.8, maana programu inakufa kabla. Utatoa RAM upate sifuri, useme pagefile haihitajiki. Kwanza iache Windows iisimamie yenyewe: bonyeza kitufe cha Windows na R, andika `sysdm.cpl`, nenda `Advanced`, kwenye `Performance` bonyeza `Settings`, kisha `Advanced` tena, na chini ya `Virtual memory` bonyeza `Change`. Weka alama kwenye `Automatically manage paging file size for all drives`, washa kompyuta upya.

Halafu fanya siku yako nzito kuliko zote. Kila unachofungua kwa pamoja, kifungue. Kwangu ilikuwa ule mradi wa kamera tatu, kivinjari chenye muziki na ramani, na programu ya picha kwa ajili ya jalada. `Committed` ilipanda hadi GB 21. Toa 16, inabaki 5. Kwa hiyo nikaondoa ile alama, nikachagua diski C, `Custom size`, nikaweka `Initial size` 5120 na `Maximum size` 10240, kwa MB. Kisha `Set`. Usipobonyeza `Set` kabla ya `OK`, hakuna kilichobadilika, na utarudi hapa kusema kanuni ni mbovu.

Kwa nini kiwango cha chini kiwe kikubwa hivyo, badala ya kuanza na kidogo kikue chenyewe? Kwa sababu kukua kunachukua muda, na programu ikiomba GB 2 kwa mpigo inaweza kukosa kabla faili halijapanuka. Na kukua kunahitaji nafasi kwenye diski. Windows 10 na 11 zikisimamia zenyewe, pagefile inaweza kufika mara tatu ya RAM, ila haizidi thumuni ya diski. Kwa SSD ya GB 256 hiyo ni kama GB 29. Sasa kama diski C imebaki na GB 2, hizo 29 ni za karatasini. Hakikisha ile nafasi ya `Maximum size` ipo kweli.

Kama hutaki kupima, iache kwenye hali ya Windows kujisimamia na uendelee na maisha. Hiyo inawatosha wengi. Ninachopinga ni kuzima, au kuweka MB 512 kwa sababu mtu kasema.

Kuna hali mbili ambazo pagefile haitakuokoa. `In use` yenyewe ikijaa, diski ikakaa asilimia 100 na kila kitu kikawa kizito, hapo RAM halisi ndiyo haitoshi, kanunue. Na `Committed` ikipanda saa baada ya saa wakati hufanyi chochote kipya, kuna programu inayovujisha memori. Nenda `Details` kwenye Task Manager, ongeza safu ya `Commit size`, ipange kuanzia kubwa, mwizi atakaa juu. Kuongeza pagefile hapo kunachelewesha tu saa ya kuanguka.

Iache pagefile ikiwa imewashwa, fanya kazi zako za kawaida, kisha weka hapa ile `Committed` yako ya juu kabisa, zote mbili, ya kushoto na ya kulia, na nafasi iliyobaki kwenye C. Tutakupigia hesabu hapa hapa.