Familia inaelea mbele ya nyumba

"Nimeweka picha ya mteja na familia yake kwenye 3D ya nyumba yao, lakini wanaonekana majitu, tena wanaelea. Tatizo nini?"

Mkuu, anzia mlangoni. Mlango wa mita 2.1 ukiwa na pikseli 420, baba wa mita 1.7 akisimama pale pale awe na pikseli 340. Ukimsogeza mbele atakua, ila kama kamera uliiweka mita 1.6 na uwanja ni tambarare, macho yake yabaki kwenye mstari wa upeo. Mtoto wa mita 1.1 akisimama pale mlangoni anapata pikseli 220.

Kuelea kunatokana na kukosa kivuli sahihi. Tazama kivuli cha nguzo ya baraza: cha familia kifuate upande huo huo, na rangi uichote hapo hapo, leya ikiwa Multiply. Kisha ongeza weusi mwembamba, mkali, chini kabisa ya soli. Huo ndio unaowakanyagisha ardhini.

Nyuso zikiwa zimepigwa jua upande wa pili, usihangaike kuzipaka. Sogeza jua kwenye modeli, urenda upya. Kugeuza picha kushoto kuwa kulia, kama kwenye kioo, kunaharibu maandishi ya fulana, na mteja ataona nywele zake zimehamia upande mwingine.