Afisa masuuli mbele ya kamati ya hesabu: maswali ya wasomaji

Mradi aliuzindua waziri, picha zote ni za waziri. Leo kamati ya hesabu ya Bunge inambana katibu mkuu. Waziri mwenyewe yuko wapi?

Yupo, ila anaulizwa mengine. Waziri hujibu kwa nini serikali iliamua kufanya jambo fulani. Katibu mkuu huulizwa fedha zilizopitishwa na Bunge zilitumikaje, kwa idhini ya nani, na zilizaa nini. Bunge halikabidhi fedha kwa serikali kwa jumla. Linazigawa kwa mafungu, na kila fungu lina mtu mmoja aliyekabidhiwa. Tanzania mtu huyo ni afisa masuuli, na huteuliwa na Mlipaji Mkuu wa Serikali. Wizarani kiti hicho hukaliwa na katibu mkuu; kwenye shirika au wakala, na mtendaji mkuu. Kenya jambo hili limewekwa kwenye Katiba yenyewe: Ibara ya 226 inamfanya afisa huyo awajibike kwa Bunge la Taifa kuhusu fedha za taasisi yake.

Sababu nyingine ni ya kisiasa, na mimi naiona nzito kuliko ya kisheria. Mweke waziri kwenye kiti hicho umuulize risiti: wa chama chake watamkingia kifua, wapinzani watamrukia, na kikao kitageuka mkutano wa hadhara. Mtumishi wa umma hana chama cha kumtetea. Ana makabrasha yake tu.

Nafanya kazi ya uhasibu wizarani. Vocha zinapita kwetu, katibu mkuu haoni hata moja kati ya mia. Kwa nini asihojiwe mhasibu mkuu?

Waingereza, ambao mfumo huu tuliurithi kwao, walianza karibu hivyo unavyotaka. Kamati yao ya hesabu iliundwa 1861, na kwa miaka mingi baadaye baadhi ya idara zilimpa jukumu hilo ofisa wa fedha aliye chini ya mkuu wa idara. Tatizo likawa wazi: mkuu anaamua, wa chini anajibu. Kufikia miaka ya 1920 ikakubalika kwamba mtendaji wa juu kabisa ndiye abebe hesabu, ili anayeshauri sera asijifanye hajui gharama zake.

Kazi anaweza kuikasimu kwenu. Wajibu wa kujibu haukasimiki. Chukua hoja ya ukaguzi ya kawaida kabisa: matengenezo ya magari. Vocha ipo, ankara ya gereji ipo, lakini fomu za ukaguzi wa gari kabla na baada ya matengenezo hazipo. Kamati iliyojiandaa haipotezi muda kuuliza nani alisaini. Inauliza: mfumo wako uliruhusuje malipo kutoka bila fomu hizo? Mkaguzi wa ndani alikuandikia lini? Baada ya kusoma ripoti yake ulichukua hatua gani? Maswali hayo matatu mhasibu mkuu hawezi kuyajibu kwa niaba ya bosi wake.

Nawe uliye kwenye vocha, usikubali fomu "zipatikane" ghafla asubuhi ya kikao. Wakaguzi huwa wamekaa mlemle ndani, na nyaraka ambazo hazikuonekana wakati wa ukaguzi zikitokea mezani, kamati makini huzirudisha kwao zihakikiwe kwanza. Karatasi mpya mno yenye tarehe ya zamani huzaa hoja mbaya kuliko ile ya awali.

Waziri akisema "lipa", na katibu mkuu anaona malipo hayafai, afanye nini? Kukataa si kutafuta kufukuzwa?

Hakatai, wala halipi kimya kimya. Anaandika. Anaeleza kasoro iko wapi, kisha anaomba agizo la maandishi. Waziri akiliandika, malipo yanafanyika, nakala inakwenda kwa mkaguzi mkuu, na jukumu la uamuzi huo linahamia kwa waziri. Afrika Kusini wameiweka kanuni hii kwenye kifungu cha 64 cha sheria yao ya fedha za umma ya 1999: agizo likielekea kuzaa matumizi yasiyoidhinishwa, afisa asiyetahadharisha kwa maandishi atayabeba yeye.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha bwawa la Pergau, Malaysia. Mwaka 1989 serikali ya Uingereza iliahidi kusaidia ujenzi wa bwawa hilo la umeme. Makadirio ya gharama yalikuwa pauni milioni 316. Ndani ya wiki chache kampuni za ujenzi zikayapandisha hadi 397. Wachumi wa idara ya misaada walipopiga hesabu, wakaona umeme wa mitambo ya gesi ungekuwa nafuu zaidi kwa Wamalaysia. Tim Lankester, katibu mkuu wa idara hiyo, akashauri kwamba mradi haukuwa matumizi mazuri ya fedha za misaada. Waziri wa Mambo ya Nje, Douglas Hurd, alitaka ahadi itimizwe. Lankester akaomba agizo la maandishi, akalipata mwaka 1991, na msaada wa pauni milioni 234 ukaendelea.

Mkaguzi mkuu alitoa ripoti mwaka 1993, na mwaka uliofuata Lankester akaitwa kwenye kamati. Hakuwa na haja ya kujitetea kwa maneno mengi, maana ushauri wake na agizo la waziri vilikuwa kwenye faili. Hurd ndiye aliyebaki kueleza.

Ila angalieni mpaka wa kinga hiyo. Lankester alilalamikia thamani ya fedha, wala si uhalali. Novemba 1994 Mahakama Kuu ilitamka kwamba msaada huo ulikiuka sheria ya misaada, kwa sababu mradi haukuwa na mashiko kiuchumi. Agizo la waziri lilimwokoa katibu mkuu mbele ya kamati, halikuyahalalisha malipo. Serikali ililazimika kutafuta fedha hizo kwingine, nje ya bajeti ya misaada.

Kufukuzwa? Hofu hiyo ipo, hasa pale ambapo anayeagiza hutumia simu. Dawa yake ni dokezo la siku hiyohiyo: "Kufuatia maagizo yako ya simu leo asubuhi, nashauri yafuatayo..." Mwenye nia njema atajibu. Mwenye nia mbaya, mara nyingi hapo ndipo anapoacha kupiga simu.

Katibu mkuu mpya anahojiwa hesabu za mwaka ambao hakuwepo. Ni haki?

Ofisi haihami na mtu, kwa hiyo aliyepo ndiye anayejibu hoja. Lawama ni jambo jingine, na kamati inaweza kumwita aliyemtangulia. Kinachomponza mpya ni kusaini makabidhiano yanayoorodhesha magari na kompyuta lakini hayataji hoja za ukaguzi ambazo hazijafungwa.

Akishindwa kujibu, analipa kutoka mfukoni?

Si kwa sababu ya kujibu vibaya. Kamati hupendekeza, kumtoza au kumshitaki mtu ni kazi ya vyombo vingine. Lakini ukisikia "wajibu binafsi", neno "binafsi" si pambo. Kwa Katiba ya Kenya, Ibara ya 226(5), mwenye ofisi ya umma akielekeza au kuidhinisha fedha zitumike kinyume cha sheria, anawajibika kufidia hasara iliyotokea, awe bado yuko ofisini au ameshaondoka. Ibara hiyo inataja na ofisi za kisiasa, kwa hiyo agizo la waziri likiwa limeandikwa, naye anaweza kufikiwa.